Matiti kuuma na tumbo kujaa kabla ya hedhi: Maji hutoka wapi na huenda wapi?

Miongoni mwa malalamiko ambayo akina dada huyaleta kwa sauti ya chini, tena baada ya kuhakikisha kuwa mlango umefungwa, ni hili la matiti kuuma na tumbo kujaa katika siku za kukaribia hedhi. Mmoja husema sidiria iliyomtosha juzi leo inambana. Mwingine husema pete haitoki kidoleni, gauni halifungi, na mtoto akimrukia kifuani anataka kulia. Wengi hueleza kwa neno moja tu: "Nimejaa."

Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini mara nyingi hueleweka vibaya. Dada akisikia amejaa hudhani kuna maji mengi yaliyoingia mwilini, na kwamba dawa yake ni kuyakojoa. Hapo ndipo linapoanza tatizo la pili, la kununua vidonge vya kukojoza duka la dawa bila ya kupimwa. Katika makala haya tutaeleza maji hayo hutoka wapi, yanakwenda wapi, na ni mambo gani hasa yanayoleta nafuu.

Kinachotokea mwilini

Katikati ya mwezi wa mwanamke, yai hupevuka na kutoka kwenye kokwa la uzazi. Kwa wanawake wengi hili hutokea takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14, na mwenye mzunguko wa siku 32 hutoka karibu na siku ya 18. Kifuko kilichokuwa na yai hilo hakifi papo hapo. Hugeuka kuwa tezi ndogo ya rangi ya manjano, na tezi hii hutoa homoni mbili: projesteroni kwa wingi, na estrojeni. Kama mimba haikutunga, tezi hunyauka, homoni zote mbili hushuka, na damu ya hedhi hutoka.

Ni katika muda huo wa wiki mbili ndipo mambo ya maji hubadilika, na hubadilika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya figo. Projesteroni huziambia figo ziachie chumvi itoke na mkojo. Mwili hauridhiki kupoteza chumvi, hivyo hujibu kwa kuongeza homoni nyingine iitwayo aldosteroni, ambayo kazi yake ni kinyume: huziambia figo zishike chumvi. Ikawa ni mvutano, mmoja anavuta huku na mwingine kule, na kwa siku kadhaa wanakaribia kulingana. Lakini siku chache kabla ya hedhi projesteroni hushuka kwa haraka. Aliyekuwa akivuta upande mmoja ameachia kamba, na mwenzake bado anavuta. Figo hushika chumvi, na penye chumvi maji hubaki. Ndiyo maana wanawake waliofuatiliwa siku hadi siku walionekana kusikia kujaa zaidi ya siku zote katika siku ya kwanza ya damu yenyewe, kisha maji yakatoka kwa mkojo katika siku zinazofuata.

Njia ya pili ni ya mishipa midogo ya damu, ile isiyoonekana kwa macho. Kuta za mishipa hii huwa na vitundu vidogo mno, na katika nusu ya pili ya mwezi huvujisha zaidi kuliko kawaida. Maji ya damu hupenya na kukaa nje ya mshipa, katikati ya nyama. Hapa hakuna maji mapya yaliyoongezeka mwilini. Ni yale yale, ila yamehama. Mzani unaweza usionyeshe chochote, na dada bado akawa anahisi vidole vimejaa na nyuso za miguu ni nzito.

Msomaji ayashike mambo haya mawili, maji yaliyoongezeka na maji yaliyohama, kwa sababu nafuu yote inategemea hapo.

Kwa nini matiti?

Titi ndani yake lina vijitezi vya maziwa, mifereji ya kuyapitisha, mafuta, na nyuzi zinazoshikilia vyote hivyo. Kila mwezi baada ya yai kutoka, titi hujiandaa kana kwamba mimba imetunga. Estrojeni huifanya mifereji ipanuke, projesteroni huvifanya vijitezi vikue, damu nyingi zaidi hupita, na maji yanayovuja mishipani hukaa katikati ya nyuzi. Titi huongezeka ukubwa, lakini ngozi na nyuzi hazinyooki kwa kasi hiyo. Mkandamizo huo ndio maumivu.

Maumivu ya aina hii yana alama zake. Huwa kwenye matiti yote mawili, ingawa moja linaweza kuzidi. Huwa makali zaidi upande wa juu na wa nje kuelekea kwapani, kwa sababu huko ndiko kwenye vijitezi vingi. Ukipapasa unasikia vinundunundu kama punje. Na damu ikishatoka siku moja au mbili, yote hupungua na titi kulainika.

Wengine huuliza kwa nini dada mmoja huteseka na nduguye wa tumbo moja hasikii kitu. Damu zao zikipimwa, mara nyingi homoni hukutwa karibu sawa. Tofauti iko katika jinsi mwili unavyoziitikia. Kwa hiyo mwenye maumivu haya si mgonjwa wa homoni, na kipimo cha homoni peke yake hakimsaidii.

Tumbo ni jambo jingine

Watu wengi huweka tumbo na matiti katika kapu moja, na hapa ndipo matibabu hupotea njia. Projesteroni hulegeza misuli ya utumbo. Chakula hupita polepole, choo hukauka, na gesi hukaa. Tumbo lililojaa kabla ya hedhi mara nyingi ni gesi na choo zaidi kuliko maji.

Utajuaje? Jipime kwenye mzani asubuhi baada ya haja ndogo na kabla ya kunywa chochote. Kisha zungusha futi kamba ya fundi cherehani kiunoni usawa wa kitovu, asubuhi na jioni. Kama ni maji yaliyoongezeka, uzito wa asubuhi utapanda siku hadi siku, pete itabana, na soksi itaacha alama mguuni. Kama ni gesi, tumbo litakuwa dogo asubuhi na kubwa jioni, na uzito wa asubuhi hautabadilika sana.

Mfano wa dada mmoja

Tuchukue mfano wa dada mwenye miaka 31, mwalimu, mama wa watoto wawili, mzunguko wake siku 29. Anakuja akisema kwamba kila mwezi ananenepa kilo tano kwa wiki moja, matiti hayagusiki, na tumbo ni kama la mimba ya miezi minne. Kwa miezi mitatu amekuwa akinunua vidonge vya kukojoza aina ya furosemidi, vile ambavyo wengi huviita Lasiksi, na kumeza kimoja kila asubuhi kwa siku nne.

Jambo la kwanza aliloelekezwa ni kuacha vidonge hivyo na kuandika kwenye daftari kwa mizunguko miwili: uzito wa asubuhi, kiuno asubuhi na jioni, na maumivu ya matiti kwa alama 0 hadi 10. Akina dada wanaohesabu siku zao kwa ajili ya Swala na kulipa Swaumu tayari wana nusu ya daftari hili.

Siku ya 8 uzito wake ulikuwa kilo 64.0 na maumivu 0. Siku ya 20 maumivu yalianza. Siku ya 27 uzito ulikuwa 64.7 na maumivu 7. Siku ya kwanza ya damu uzito ulifika 65.0, na siku ya nne ukarudi 64.2 na maumivu yakawa 1. Kumbe kilo tano alizozihisi zilikuwa kilo moja. Kiuno nacho: siku ya 26 asubuhi kilikuwa sentimita 84, jioni 89. Tumbo halijai maji na kuyatoa kwa saa kumi na mbili. Sentimita hizo tano ni gesi na choo, na alipoulizwa akakiri kuwa katika siku hizo hupata choo mara moja tu kwa siku tatu.

Ile kilo moja ilitoka wapi? Chupa ya lita moja ya maji ya chumvi ambayo mgonjwa hutundikiwa hospitali ina gramu 9 za chumvi, na hiyo ndiyo kadiri ya chumvi inayolingana na damu yetu. Kwa hiyo kila gramu 9 za chumvi ambazo mwili unazizuia hushika karibu lita moja ya maji, na lita moja ni kilo moja. Kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa ni kama gramu 5, na hicho ndicho kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikizidishe kwa siku nzima, pamoja na chumvi iliyomo ndani ya mkate na vyakula vingine. Siku za kawaida figo hutoa chumvi inayozidi bila ya taabu. Siku zile za kuvutana kamba, hutoa kwa uzito.

Daftari la dada huyu lilionyesha kuwa katika wiki hiyo ndipo hutamani vitu vya chumvi: chipsi na achari mchana, karanga za chumvi jioni, na usiku papa mkavu au mchuzi uliotiwa viungo vya pakiti.

Vidonge vya kukojoza

Alipomeza furosemidi, kilo moja iliondoka siku ile ile. Ndiyo maana dawa hii huwadanganya wengi. Mwili ukiona umepoteza maji na chumvi kwa ghafla huongeza aldosteroni maradufu. Dawa ikiachwa siku ya nne, homoni ile bado iko juu, na maji hurudi kwa kasi kuliko mwanzo. Dada anaona miguu imevimba zaidi, anahitimisha kuwa dozi haikutosha, anaongeza. Pamoja na maji hutoka madini ya potasiamu, na upungufu wake huleta misuli kukakamaa, uchovu na moyo kupiga ovyo. Wako wanawake ambao walianza hivi na wakaishia kumeza kila siku bila ya kuwa na ugonjwa wa moyo wala figo.

Ipo dawa moja ya kukojoza yenye nafasi hapa, nayo ni spironolaktoni, kwa kuwa huizuia aldosteroni yenyewe. Hutolewa na daktari kwa wachache ambao njia nyingine zimeshindikana, katika nusu ya pili ya mwezi tu. Haitakiwi kutumiwa na mwenye mimba au anayeitafuta, na damu hupimwa figo na potasiamu. Si ya kununua dirishani.

Nafuu ya maumivu ya matiti

La kwanza ni sidiria. Titi lililojaa likining'inia huvuta nyuzi zilizokwisha kunyooka, na kila hatua ni maumivu. Sidiria inayofaa ni ile ambayo mkanda wake wa chini ndio unaobeba uzito, si kamba za mabegani. Mkanda ukae sawa mgongoni bila ya kupanda juu, na vidole viwili vipite chini yake. Vikombe vilifunike titi lote bila ya kulikata. Mwenye kuvimba sana awe na sidiria mbili, moja ya siku za kawaida na moja kubwa zaidi ya wiki hiyo. Wakati wa kazi nzito avae ile ya mazoezi, na usiku avae laini isiyo na waya. Jambo hili dogo peke yake huwatosha wengi.

La pili ni jeli ya diklofenaki, ile inayopakwa kwenye magoti. Hupakwa kiasi kidogo kwenye sehemu inayouma mara tatu kwa siku, bila ya kugusa chuchu, na imeonekana kusaidia vizuri bila ya kuumiza tumbo kama vidonge. Anayenyonyesha aulize kwanza, na akiruhusiwa asiache dawa mahali ambapo mdomo wa mtoto utafika. Mjamzito asitumie.

La tatu ni vidonge. Parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, yaweza kumezwa hadi mara nne kwa siku kwa kupisha saa sita. Ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula hadi mara tatu kwa siku hufanya kazi zaidi, lakini haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mimba, au pumu inayochochewa na aspirini. Dawa hizi ni za siku zile chache tu, si za mwezi mzima.

Mafuta ya ua la jioni yanayouzwa kwa bei kubwa kama tiba ya matiti yalipopimwa vizuri hayakuzidi kidonge kisicho na dawa. Vitamini B6 huenda ikawasaidia baadhi, lakini dozi kubwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi miguuni, hivyo isinunuliwe kiholela.

Nafuu ya kujaa

Kwa upande wa maji, punguza chumvi tangu siku kumi kabla ya hedhi, usisubiri mpaka umejaa. Papa mkavu na ng'onda waloweke na kumwaga maji mara mbili kabla ya kupika. Viungo vya pakiti viache, tia limau, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili ili mchuzi usikose ladha. Wala usipunguze maji ya kunywa kwa kudhani utapungua. Mwili unaokosa maji huzidi kuyashika.

Madini ya chokaa nayo yana ushahidi wake. Mwaka 1998 ulichapishwa uchunguzi wa Marekani ambamo wanawake waliopewa miligramu 1,200 za kalsiamu kila siku walipata nafuu ya dalili za kabla ya hedhi, ikiwemo kujaa maji, na nafuu kubwa ilionekana kufikia mzunguko wa tatu. Chakula chetu kina madini haya: maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yake, na ufuta. Atakayetumia vidonge asitarajie matokeo ya mwezi mmoja.

Kwa upande wa gesi na choo, tiba si chumvi. Ni kunywa maji, kula mboga za majani, papai na embe, na kutembea nusu saa kila siku ili utumbo usogee. Maharage, kabeji na soda vipunguzwe katika wiki hiyo kama vinamletea mhusika gesi.

Katika mwezi wa Ramadhani, dada ambaye hedhi bado haijaingia anaendelea kufunga huku amejaa. Basi daku lisiwe la vitu vya chumvi, ambavyo humletea kiu mchana na kujaa jioni. Vidonge vya maumivu avimeze baada ya futari na tena wakati wa daku.

Dada wa mfano wetu alipofanya haya kwa mizunguko mitatu, siku ya 27 maumivu yalikuwa 3 badala ya 7, uzito ulipanda nusu kilo badala ya moja, na kiuno kilitofautiana sentimita mbili. Hakupona kabisa, na asingeahidiwa hivyo. Lakini furosemidi hakuirudia.

Lini usisubiri

Yote tuliyoyaeleza ni ya maumivu yanayokuja na kuondoka pamoja na mwezi. Hedhi ikichelewa na matiti yakaendelea kujaa, pima mimba kabla ya kumeza dawa yoyote. Na sindano au vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kuleta maumivu kama haya, hivyo mtajie tabibu.

Papasa matiti yako siku chache baada ya hedhi kukatika, yakiwa laini. Uvimbe uliokuwepo kabla ya hedhi ukitoweka baada yake, si wa kutisha. Ukibaki mahali pale pale, nenda ukapimwe hata kama hauumi, kwa kuwa saratani nyingi za titi mwanzoni haziumi. Nenda vile vile kama maumivu ni ya sehemu moja ya titi moja na hayafuati mwezi, chuchu imeingia ndani hivi karibuni au inatoa damu, ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, au titi limekuwa jekundu na una homa.

Tumbo lililojaa wiki tatu mfululizo bila ya kupungua baada ya hedhi, hasa kwa mama aliyevuka miaka 50, lichunguzwe kokwa za uzazi. Na uvimbe wa uso asubuhi, au mguu unaobonyea na kubaki na shimo ukiuminya, hauhusiani na hedhi. Huo ni wa kupimwa figo, moyo na mkojo.

Ukienda zahanati una haki ya kuomba upimwe na mtumishi wa kike. Na nenda na daftari lako la mizunguko miwili. Kwa maradhi haya, kurasa hizo humweleza tabibu mengi ambayo kipimo cha damu hakiwezi kumweleza.